Posho ya safari: Elfu kumi za kwanza na kinachobaki

Tangu tarehe 1 Julai 2025, mfanyakazi anayetumwa kikazi nje ya kituo chake nchini Kenya hakatwi kodi kwenye shilingi 10,000 za kwanza za posho anayolipwa kwa kila siku ya safari. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa shilingi 2,000. Badiliko hilo lililetwa na Sheria ya Fedha ya 2025, na katika ofisi za Kimilili, ambako watu hutumwa Kitale au mjini Bungoma kila mara, limekuwa likielezwa kwa maneno mafupi: posho haikatwi tena. Maneno hayo ni kweli kwa safari nyingi. Hatari iko kwa mhasibu anayeyachukulia kuwa kweli kwa safari zote, kwa sababu atakuja kudaiwa kodi ambayo hakuikata na ambayo wafanyakazi walikwisha kuitumia.

Kiwango cha shilingi 2,000 kilikaa miaka mingi hadi kikapitwa na bei za vyumba na chakula. Dereva aliyelala Kitale usiku mmoja kwa posho ya shilingi 3,500 alihesabiwa kuwa amepata kipato cha shilingi 1,500, hata kama alirudi nyumbani mfukoni hana kitu. Serikali ilijaribu kulibadilisha jambo hili katika Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kipimo kisiwe kiasi maalumu cha shilingi bali asilimia 5 ya mapato ya mwezi ya mfanyakazi. Mswada huo ulikwama baada ya maandamano ya Juni 2024, Rais alipokataa kuutia saini. Mwaka uliofuata, Bunge likarudi kwenye njia ya zamani ya kutaja kiasi kwa siku, ila likakipandisha mara tano.

Kinachotakiwa kusomwa kwa makini ni maneno yanayokizunguka kiasi hicho katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Kifungu hicho kinaanza kwa kusema kwamba posho ya kujikimu na ya safari ni sehemu ya mapato ya ajira, sawa na mshahara. Huo ndio msingi. Kisha kinatoa nafuu: pale ambapo mfanyakazi amelipwa posho kwa muda aliokuwa nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi, akiwa katika shughuli rasmi, shilingi 10,000 za kwanza kwa siku alizotumia zitahesabiwa kuwa ni kurudishiwa gharama, na hazitaingizwa kwenye mapato yake.

Ndani ya sentensi hiyo mna masharti matatu. Mfanyakazi awe nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi. Awe kwenye shughuli rasmi. Na hesabu iwe ya siku. Sheria haimdai risiti kwa zile elfu kumi za kwanza, maana imekubali kudhani kwamba zilitumika. Lakini haijakubali kudhani kwamba safari ilifanyika. Hilo linabaki mikononi mwa mwajiri kulithibitisha.

Hapo ndipo mabadiliko ya 2025 yameigeuza kazi ya mhasibu. Wakati wa shilingi 2,000, karibu kila posho ilivuka kiwango, na ubishi ulikuwa juu ya kiasi. Sasa, kwa mji kama Kimilili, safari nyingi za ndani ya magharibi ya Kenya hazifiki elfu kumi kwa siku. Ubishi umehama kutoka kwenye kiasi na kwenda kwenye safari yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo nyepesi zaidi na bado watu wanaikosea.

Chukua mfano wa kubuni wa afisa wa miradi katika shirika lenye ofisi Kimilili. Mshahara wake ni shilingi 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo shilingi yoyote inayoongezeka juu ya mshahara huo hukatwa asilimia 30. Anatumwa safari ya siku tano za kulipwa. Jumatatu na Jumanne yuko Kitale, kwa posho ya shilingi 9,000 kwa siku. Jumatano hadi Ijumaa yuko Nairobi, ambako sera ya shirika inatoa shilingi 14,000 kwa siku. Jumamosi anarudi nyumbani bila posho. Jumla amepokea shilingi 18,000 za Kitale na shilingi 42,000 za Nairobi, yaani shilingi 60,000.

Mhasibu mwenye haraka atafanya hivi: siku tano mara elfu kumi ni shilingi 50,000, amelipwa 60,000, zilizozidi ni 10,000, kodi ni shilingi 3,000. Inaonekana sawa, lakini si sawa. Sheria inasema shilingi 10,000 za kwanza kwa siku. Kila siku inasimama peke yake. Siku mbili za Kitale hazikuvuka kiwango, kwa hiyo hazina kodi, na ile shilingi elfu moja iliyobaki kila siku hadi kufikia kiwango imepotea. Haihamishwi kwenda Nairobi. Siku tatu za Nairobi zimevuka kwa shilingi 4,000 kila moja, jumla shilingi 12,000. Kodi ni shilingi 3,600.

Tofauti ni shilingi 600, na mtu anaweza kuona ni kidogo mno kusumbulia. Lakini ofisi yenye wafanyakazi ishirini wanaosafiri hivyo mara moja kila mwezi itakuwa imepunguza kodi kwa shilingi 144,000 kwa mwaka. Chini ya sheria ya awali afisa huyo huyo angesamehewa shilingi 10,000 tu katika zote 60,000, na angekatwa shilingi 15,000. Nafuu mpya ni kubwa. Haina haja ya kuongezewa nyingine kwa kukosea hesabu.

Kilichozidi huingizwa kwenye mapato ya mwezi ambamo posho ililipwa, pamoja na marupurupu mengine, kikakatwa PAYE na kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kosa la kawaida hapa linatokana na mpangilio wa ofisi: posho hulipwa kutoka kwa fedha za mradi kwa vocha ya malipo, wakati mishahara hutayarishwa na mtu mwingine katika faili nyingine. Mwenye mishahara hajui nani alikwenda Nairobi. Dalili yake ni rahisi kuiona. Chukua leja ya gharama za safari ya mwaka mzima, iweke kando ya taarifa za PAYE za mwaka huo. Kama leja ina malipo ya Nairobi au Mombasa yaliyozidi elfu kumi kwa siku na karatasi za mishahara hazina hata shilingi moja ya posho iliyozidi, ofisi hiyo ina deni ambalo halijaandikwa popote.

Safari ya nje ya nchi haina kiwango chake tofauti. Wengi hudhani posho ya dola iko chini ya kanuni nyingine. Afisa wa Kimilili anayevuka Lwakhakha kwenda kwenye mkutano Mbale, akalipwa dola 150 kwa siku, kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola amelipwa shilingi 19,350. Elfu kumi hutolewa, na shilingi 9,350 za kila siku huingia kwenye mapato. Upande wa pili wa mpaka huo sheria imejengwa kwa namna nyingine. Uganda haikutaja kiasi. Inaiacha posho ya mfanyakazi nje ya kodi mradi isizidi gharama ambazo ametumia au ambazo kwa kawaida angetumia kwa malazi, usafiri na chakula. Kanuni hiyo humfaa mtu aliye katika mji ghali, lakini humwachia mkaguzi nafasi ya kubishana juu ya kila kiasi. Kenya imechagua kiasi kimoja kinachojulikana, na nadhani kwa ofisi ndogo zisizo na washauri wa kodi uchaguzi huo ni bora.

Je, kila kinachozidi elfu kumi lazima kikatwe? Hapana. Kifungu hicho hicho kina nafuu ya pili, iliyokuwapo tangu zamani, ambayo haijafutwa. Kama Kamishna ameridhika kwamba malipo ni kumrudishia mfanyakazi kile tu alichotumia kwa ajili ya kazi na si kingine, malipo hayo si mapato, hata yakiwa makubwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kudhani. Kila shilingi inadai risiti, na malipo yawe sawa na risiti.

Rudi kwa yule afisa aliyetumwa Nairobi. Shirika lingeweza kuilipa hoteli moja kwa moja shilingi 9,000 kwa usiku, kwa ankara iliyotolewa kwa jina la shirika kupitia eTIMS, kisha likampa afisa shilingi 5,000 kwa siku za chakula na teksi. Jumla ni zile zile 14,000. Lakini hoteli ni gharama ya shirika, na shilingi 5,000 ziko chini ya kiwango. Kodi inakuwa sifuri, na hakuna aliyedanganya. Fedha hazikupitia mfukoni mwa mtu bila kuwa na kazi maalumu.

Njia hiyo huharibika pale ofisi inapotaka kula pande zote mbili. Hoteli imelipwa na ofisi, chakula chote kimelipwa na waandaaji wa mkutano, na bado afisa amepewa posho kamili ya shilingi 10,000 kwa madai kwamba kiwango kinaruhusu. Sheria inazungumza juu ya fedha alizotumia mfanyakazi. Mtu aliyelala na kula bila kulipa chochote atashindwa kueleza alitumia nini. Ndiyo maana sera nzuri za safari hupunguza posho pale malazi au chakula kinapotolewa, kwa kawaida hadi sehemu ndogo ya kiwango kamili, na hulisema hilo kwa maandishi kabla ya safari.

Sasa tuje kwenye sharti linaloigusa Kimilili kuliko miji mingi: mahali pa kawaida pa kazi.

Kimilili iko kaunti ya Bungoma, lakini biashara na huduma zake hutegemea pia Kitale, iliyo Trans Nzoia. Kwenda mji wowote kati ya hiyo miwili ni safari ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa sababu hiyo mashirika mengi yenye ofisi hapa huajiri maafisa wa nyanjani ambao eneo lao linavuka kaunti. Barua ya ajira husema: kituo chako ni Kimilili, utahudumu katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Halafu kila akienda Kitale hulipwa posho.

Mkaguzi wa kodi akiisoma barua hiyo atakuwa na swali la haki kabisa. Kama Trans Nzoia ni sehemu ya eneo la kazi la mtu huyu, na huko huenda siku tatu kila wiki, amekuwaje nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi? Sheria haikutaja kilomita wala mpaka wa kaunti. Imetaja kawaida. Mahali ambapo mtu hufanyia kazi wiki baada ya wiki ni pa kawaida, hata kama dawati lake liko kwingine. Jibu likimwangukia mwajiri vibaya, si kinachozidi elfu kumi tu kinachokatwa. Nafuu yote ya kiwango inaondoka, na posho nzima inakuwa mapato tangu shilingi ya kwanza.

Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili tangu kwenye barua ya ajira. Kituo kitajwe kwa jina la mji mmoja. Ziara za kawaida za nyanjani zigharamiwe kwa njia inayolingana nazo: nauli kwa risiti au, kwa anayetumia gari lake, malipo ya kilomita kwa viwango vya Chama cha Magari cha Kenya (AA), ambavyo tangu Sheria ya Fedha ya 2023 havihesabiwi kuwa mapato. Posho ya kila siku ibaki kwa safari zilizoagizwa moja moja, zenye sababu yake na tarehe yake.

Hali nyingine ni ya uhamisho. Mfanyakazi wa Kimilili anahamishiwa Kitale, lakini hajapata nyumba, na ofisi inaamua kumlipa posho ya kila siku hadi atulie. Nia ni njema. Ila tangu siku barua ya uhamisho ilipoanza kufanya kazi, Kitale ndiyo mahali pake pa kawaida, na anaposafiri kila asubuhi kutoka nyumbani Kimilili anakwenda kazini kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hiyo ni nafuu ya makazi iliyovalishwa jina la safari, na inakatwa kodi yote. Ni heri ofisi imlipe kwa jina lake halisi na ikate kinachostahili.

Wafanyakazi wa serikali ya kaunti wana utata wao wa ziada. Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) huweka viwango vya juu vya posho kwa kufuata cheo na mji anakokwenda afisa, na wengi husema kwamba kilichoidhinishwa na Tume hakiwezi kukatwa kodi. Hivyo ni viwango viwili vyenye kazi mbili. Tume inasema ni kiasi gani kinaweza kulipwa kutoka kwa fedha za umma. Sheria ya Kodi ya Mapato inasema ni kiasi gani cha malipo hayo si mapato. Afisa mkuu anayelipwa shilingi 14,000 kwa siku kwa idhini kamili bado amevuka kwa shilingi 4,000, maana kifungu cha 5 hakikuwatenga watumishi wa umma.

Lipo pia kundi ambalo nafuu hii haiwahusu kabisa, nalo ni wale wasio wafanyakazi. Kifungu kimemtaja mwajiriwa. Mtaalamu wa mkataba aliyeitwa kutoka Bungoma kuendesha warsha ya siku mbili Kimilili hawezi kulipwa elfu kumi kwa siku kwa jina la posho, kisha ada yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho ili kodi ya zuio iwe ndogo. Kwake fedha hizo ni sehemu ya ada.

Turudi kwenye ushahidi, kwa kuwa ndiko kesi za sasa zitakakoshindwa. Fikiria mwajiri asiye mwaminifu anavyoiona sheria mpya. Siku kumi za safari kwa mwezi, kwa shilingi 10,000, ni shilingi 100,000 zisizo na kodi. Kiasi hicho kinazidi mshahara wote wa yule afisa wa mfano wetu. Kishawishi cha kupunguza mshahara na kuongeza posho ni kikubwa kuliko kilivyowahi kuwa, na mamlaka ya kodi yanajua hivyo.

Mkaguzi hahitaji kukamata mtu akidanganya. Huanza na kiasi kinachojirudia: mtu yule yule, shilingi 40,000 zile zile, kila mwezi, hata Desemba. Safari za kweli hazilingani hivyo. Kisha huweka vocha kando ya daftari la mahudhurio la ofisi ya Kimilili. Mtu aliyelipwa kuwa Kitale tarehe 12 na kutia saini Kimilili asubuhi na jioni ya tarehe 12 amejieleza mwenyewe. Daftari la safari za gari la ofisi linaonyesha kilomita na mahali pa kujazia mafuta. Orodha ya waliohudhuria mkutano ina majina. Kila karatasi ilitengenezwa na mtu tofauti kwa sababu tofauti, na ndiyo maana ni vigumu kuzipatanisha baadaye.

Kwa hiyo kila malipo ya posho yawe na karatasi nne zilizobanwa pamoja: barua au ujumbe wa kuagiza safari ulioandikwa kabla ya kuondoka, hesabu ya siku na kiwango, ripoti fupi ya safari yenye tarehe, na kitu kimoja kutoka nje ya ofisi kinachoonyesha mtu alifika. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa tiketi ya basi, risiti ya nyumba ya kulala wageni au nakala ya orodha ya mahudhurio. Si kwa ajili ya kudai gharama, bali kwa ajili ya kuonyesha kwamba siku ile ilikuwapo. Masurufu yaliyochukuliwa kwa safari iliyoahirishwa yarudishwe mara moja. Yasiporudishwa hayana tena safari ya kuyakinga, na ni mapato ya aliyeyachukua.

Karatasi hizo zitunzwe miaka mitano, kwa kuwa sheria inadai rekodi za muda huo. Deni likipatikana, mwajiri ndiye anayedaiwa kwanza kodi ambayo hakuikata, pamoja na faini ya asilimia 5 ya kodi iliyochelewa na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa shirika linaloishi kwa fedha za wafadhili pigo ni kubwa zaidi, maana wafadhili wengi hawakubali fedha za mradi zilipe faini, na wafanyakazi waliopokea posho zile huenda walikwisha kuhama.

Kupandisha kiwango hadi shilingi 10,000 kulikuwa uamuzi wa haki. Dereva na afisa wa ngazi ya chini hawalipi tena kodi kwa kitanda walicholalia na chakula walichokula. Nafuu hiyo italindwa au itaharibiwa na namna ofisi zinavyoiandika. Wewe unayeidhinisha vocha mwezi huu Kimilili, usitie saini kwa kutazama kiasi peke yake. Uliza kwanza: kituo cha mtu huyu ni wapi, alitumwa na nani, na siku hii moja alikuwa wapi? Majibu yakiwapo kwa maandishi, zile elfu kumi ni zake. Yasipokuwapo, kata kodi yote.